Jirani amejiua, na mimi ndiye katibu wa kikundi

*Shikamoo Mama. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kusaidiana hapa Mikindani, Mombasa. Tuko watu arobaini na kitu, Waislamu na Wakristo. Jana asubuhi tulipata habari kwamba mwenzetu mmoja, dereva wa bodaboda, amejiua. Hakuwa rafiki yangu wa ndani. Tulikuwa tukisalimiana njiani na kukutana kwenye kikao cha mwezi, basi. Mwenyekiti anataka niandike tangazo, lakini kundi la WhatsApp limeshachafuka. Mmoja ametuma picha ya nyumba ikiwa imejaa polisi, mwingine ameeleza alivyofanya mwanzo hadi mwisho. Kuna wanaosema mkewe alimchosha, na wengine wanasema ni mkopo wa kikundi, maana alikuwa akidaiwa shilingi 18,000 na mweka hazina alimkumbusha wiki iliyopita. Alikuwa Mkatoliki, na mtu ameandika kwamba Kanisa halitamzika. Halafu mama mmoja mwenye watoto wadogo akaandika, "Bora yeye amepumzika, sisi tunaendelea kuteseka." Watu wakamwekea emoji za kulia, yakaishia hapo. Niandike nini? Na nikifika kwa mjane niseme nini? Usingizi sipati, ilhali najiuliza nina haki gani ya kumlilia mtu ambaye hata mlango wake sikuwahi kuuingia. — Katibu, Mikindani*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Tangazo lisubiri kidogo. Kwanza mpigie simu yule mama aliyeandika kwamba marehemu amepumzika, tena leo hii. Usimjibu mbele ya kundi zima, wala usimtumie ujumbe ukangoja aujibu. Piga, na ukiweza nenda.

Huenda alikuwa akisema tu kama watu wanavyosema msibani. Huenda si hivyo. Njia ya kujua ni kumuuliza, na kumuuliza kwa jina lake. Mwambie, "Nimesoma ulichoandika jana, nikakuwaza. Mtu akichoka hivyo, wakati mwingine huanza kufikiria kujiua. Wewe umefikiria?" Najua neno hilo ni zito mdomoni. Wengi huogopa kwamba ukimuuliza mtu hivyo ndio unamtia wazo kichwani. Utafiti umeliangalia hilo mara nyingi na haujaona kwamba swali humletea mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Aliye nalo mara nyingi hupata nafuu kwamba hatimaye kuna aliyethubutu kulitaja. Usimuulize ukiwa umeshampa jibu, kama vile, "Wewe huna mawazo mabaya, sivyo?" Hapo umeshamwambia unachotaka kusikia, naye atakupa.

Akikataa, msikilize vivyo hivyo, maana uchovu alioutaja upo hata kama hafikirii kufa. Akikubali, muulize kama amepanga atakavyofanya, na kama vitu vya kufanyia anavyo karibu. Mwenye mpango na vitu asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Tafuta dada yake au jirani anayemwamini akae naye, vitu hivyo viondoke nyumbani, na mmpeleke hospitali iliyo karibu, sehemu ya dharura. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni ya bure na atapata mtu wa kuzungumza naye. Befrienders Kenya nao wanapatikana kwa 0722 178 177. Akikwambia anaogopa kwamba akisema hospitalini ataitiwa polisi, hofu hiyo ilikuwa na msingi. Kifungu cha 226 cha sheria yetu ya jinai kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na mtu aliweza kufungwa hadi miaka 2. Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Mwambie hivyo kwa lugha nyepesi: aende atibiwe.

Sasa turudi kundini. Picha ya nyumba na yale maelezo ya "alivyofanya" yaondolewe. Msimamizi wa kundi anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama ukatoweka kwa wote, na anaweza pia kufunga kundi kwa saa chache ili wasimamizi pekee ndio waandike, hadi tangazo litoke. Msilifunge siku nyingi. Watu waliofiwa wanahitaji mahali pa kusemea, na mkiwafungia hapo watafungua kundi la pembeni ambalo wewe humo. Waliotuma usiwakaripie mbele ya watu. Mwandikie kila mmoja faraghani: "Ndugu yangu, nimefuta ile picha. Watoto wake wataiona siku moja. Kama umeituma kwingine, naomba uwaambie nao wasiisambaze."

Atakuuliza kuna ubaya gani, kwani si ukweli? Hapa sababu si adabu tu. Katikati ya miaka ya 1980 vifo vya kujiua kwenye treni za chini ya ardhi za Vienna, Austria, vilikuwa vikiongezeka, na magazeti yalikuwa yakiviandika kwa vichwa vikubwa na picha. Mwaka 1987 wataalamu wa kuzuia kujiua waliwaandikia wahariri mwongozo: punguzeni ukubwa wa habari, acheni maelezo ya namna, msiseme sababu ni moja. Wahariri wakakubali. Ndani ya miezi michache vifo hivyo vilishuka kwa kiwango kikubwa, na vikabaki chini miaka iliyofuata. Shirika la Afya Duniani nalo lina mwongozo wake kwa wanahabari, na toleo la 2023 bado linasisitiza mambo hayohayo. Anayeumizwa na maelezo ya namna si kila msomaji. Ni yule ambaye tayari yuko ukingoni na anajiona anafanana na aliyekufa: rika lilelile, kazi ileile, deni lilelile. Kikundi chenu kina madereva wengine wa bodaboda wenye mikopo. Kwao, maelezo yale yalikuwa ni maelekezo.

Tangazo lenyewe lisitoke kabla hujapata neno la familia. Mtafute mmoja tu, shemeji au kaka wa marehemu, usimsumbue mjane. Muulize swali moja: "Mngependa tuseme nini kuhusu kifo chake?" Kifo kama hiki polisi hufungua uchunguzi, mwili hupelekwa mochari, na daktari hufanya upasuaji wa maiti kabla ya kibali cha mazishi kutoka. Kwa hiyo jana asubuhi, mlipokuwa mkiandikiana, hata familia pengine haikuwa imeelezwa rasmi na daktari. Kikundi hakiwezi kujua chanzo kabla ya wenyewe.

Wakisema hawapendi kitajwe, heshimu. Ila usijaze pengo hilo kwa uongo. Ukiandika "ajali" au "ugonjwa wa ghafla" na mtaa mzima unajua, watoto wake watajifunza kwamba kuna jambo la baba yao lisilotajika, na kesho wewe katibu hutaaminika. Andika hivi:

"Wanakikundi wenzangu, kwa masikitiko nawajulisha kwamba mwenzetu (jina), dereva wa bodaboda wa stejini kwetu, alifariki dunia jana. Familia inaomba tusizungumzie chanzo cha kifo kwa sasa. Matanga yako nyumbani kwao. Mchango wa maziko ni kama kawaida yetu, kupitia kwa mweka hazina. Naomba tusisambaze picha wala maelezo yoyote ya tukio, na aliyenayo ayafute. Ikiwa habari hii imekulemea, au kuna jambo ililokuamshia, nipigie mimi saa yoyote, au piga 1199, ni bure."

Wakisema hawana neno kitajwe, unabadilisha sentensi moja tu: "alifariki dunia jana kwa kujiua." Liwe neno hilo, na liishie hapo. Magazeti yetu yamezoea "ajitia kitanzi" na mengine ya jinsi hiyo, na kila moja hubeba njia aliyotumia mtu ndani ya kitenzi chenyewe, hivyo msomaji ameshaichora akilini kabla hajamaliza kichwa cha habari. Epuka pia kusema "ametenda kosa la kujiua", kana kwamba tunasoma hati ya mashtaka. Na habari ikihusu aliyenusurika, usiseme "hakufanikiwa", maana kunusurika si kushindwa. "Ameamua kupumzika" nalo lina sauti ya upole, najua, na ndiyo sababu watu hulipenda. Lakini mama yule mwenye watoto wadogo amelisoma kama njia iliyofunguliwa. Usiliweke kwenye tangazo, na mwingine akiliandika, jibu tu, "Tumempoteza mwenzetu," uendelee.

Utaona kwamba kwenye tangazo hakuna sababu. Mtu akiuliza kwa nini, na watauliza, jibu lako liwe fupi na lisibadilike: "Hatujui, na mara nyingi si jambo moja." Hilo si la kukwepa. Wanaochunguza vifo hivi hukuta mambo yaliyosongana kwa muda mrefu: huzuni iliyogeuka ugonjwa bila kutibiwa, pombe, maumivu ya mwili, pesa, ugomvi, kupoteza kazi, na saa moja mbaya ambapo hapakuwa na mtu karibu. Ugomvi wa juzi au deni la wiki iliyopita huonekana kuwa sababu kwa vile ndilo la mwisho tuliloliona. Wangapi hapo Mikindani wanadaiwa zaidi ya 18,000 na wamegombana na wake zao wiki hii?

Ndiyo maana yale mawili ya mke na mkopo lazima yakatwe mapema, na anayefaa kuyakata ni mwenyekiti, si wewe peke yako. Ujumbe mmoja unatosha: "Kuna maneno yanayomtaja mtu kuwa ndiye chanzo. Hakuna ajuaye, na maneno hayo yanamfikia mjane. Yasirudiwe hapa." Kisha mpigie mweka hazina. Huyo ndiye mtu ambaye kundi zima limemsahau. Alituma ukumbusho wa kawaida, kama anavyotuma kila mwezi, na sasa anausoma tena na tena kwenye simu yake. Usimwambie "usijali, si wewe" ukakata simu. Mwache akusomee ujumbe aliotuma. Kisha mwambie kilicho kweli: alifanya kazi aliyopewa, na hakukuwa na mtu aliyemjua mwenzetu kiasi cha kuona kilichokuwa kinakuja.

Kwa mjane, nenda, na mwende wawili au watatu, msijae. Kuna maneno ambayo sisi tunayaona ni ya kujali na yeye huyasikia kama hukumu. "Kwani hukuona dalili?" ndilo la kwanza. "Mlikuwa mmegombana?" ni la pili, na huulizwa hata na watu wazima wenye busara. La tatu ni la kumgeukia marehemu: "Angewafikiria watoto jamani." Mjane huyo hawezi kumtetea mumewe bila kuonekana anamuunga mkono, na hawezi kukubali bila kumuaibisha baba wa watoto wake. Hata "kazi ya Mungu haina makosa", ambayo kwenye misiba mingine hutufariji, hapa inaweza kumwacha mtu akijiuliza maswali ambayo hukukusudia kumtwisha.

Neno la pwani, makiwa, limetosha tangu zamani, kwa kuwa halidai maelezo yoyote. Baada ya hapo kaa kimya. Ukiwa na kitu kidogo cha kweli unachokikumbuka kuhusu marehemu, kitoe hicho. Si sifa za jukwaani, ni jambo ulilolishuhudia: kwamba ulipokuja na mtungi wa gesi mvua ikinyesha alikubebea hadi mlangoni na kukataa nauli, au kwamba kwenye vikao alikuwa anakaa karibu na dirisha na ndiye aliyewachekesha. Watu waliofiwa kwa namna hii huambiwa siku nzima kuhusu kifo, na mara chache sana kuhusu mtu. Ukitaja jina lake kwa sauti ya kawaida, umefanya zaidi ya hotuba.

Halafu usiseme "ukihitaji chochote niambie." Hatakwambia. Mwambie, "Alhamisi nitawapeleka watoto shule na kuwarudisha, ni sawa?" Watoto wakikuuliza wewe kilichompata baba, usijitungie ya kwako kama "amesafiri." Wasemee maneno ambayo mama yao ametumia, na kama huyajui, mwulize shangazi yao kabla.

Kuhusu Kanisa, mwanakikundi huyo amekumbuka sheria ya zamani. Ni kweli sheria ya Kanisa Katoliki ya 1917 iliwanyima mazishi ya kikanisa waliojiua kwa kukusudia. Sheria ya 1983, inayotumika sasa, haiwataji tena katika orodha hiyo, na Katekisimu, ibara ya 2282 na 2283, inasema maradhi mazito ya akili, hofu kubwa au mateso hupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa waliojiua, na kwamba Kanisa huwaombea. Mwenyekiti wa jumuiya yao amfikie padri leo, apate jibu la padri mwenyewe, alilete kundini. Na kwa kuwa kikundi chenu kina Waislamu, huenda mmoja akataja hadithi iliyo katika Sahihi Muslim, kwamba Mtume hakumsalia mtu aliyejiua. Wanazuoni walio wengi wameieleza kuwa ilikuwa ni kuwakanya wengine, na wanasema Waislamu humsalia maiti huyo. Nayo ni ya kupelekwa kwa imamu, si ya kubishaniwa kwenye simu usiku.

Wewe sasa. Umeniuliza una haki gani ya kulia. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walikadiria kwamba kila anayejiua huacha watu wapatao 135 waliomfahamu, na wengi wa hao si ndugu. Ni kina wewe: wa kikaoni, wa stejini, wa dukani. Kifo cha hivi humshtua hata aliyekuwa akipungiwa mkono tu, kwa kuwa kila mmoja hurudi nyuma kuitafuta siku aliyomwona mara ya mwisho na kuipekua. Usingizi kukosekana usiku mmoja au wiki ni mshtuko. Ukiona wiki ya tatu au ya nne bado hulali, huli, au tukio linakujia lenyewe mchana kama picha ingawa hukuliona kwa macho, nenda kliniki uwaeleze hivyohivyo. Na simu ya ukatibu usilale nayo wewe kila usiku. Mgawane na mwenyekiti, usiku mmoja wako, mmoja wake, kwa kuwa kwenye tangazo umeahidi saa yoyote.

Limebaki deni, na najua litaletwa kabla hata matanga hayajaisha. Mchango wa maziko mpeni mjane kiasi kilekile mnachompa mwanachama yeyote aliyefiwa, bila kukata kitu na bila kuchelewesha. Familia itaelewa upesi sana mkimpa pungufu kuliko aliyefiwa mwezi uliopita. Zile 18,000 zisitajwe kundini wala nyumbani kwa marehemu. Someni katiba yenu inasema nini mwanachama akifa na mkopo. Kama haisemi, liwekwe kwenye ajenda ya kikao kijacho, baada ya maziko, likiandikwa "mikopo ya wanachama waliofariki", ili mpitishe kanuni ya wote badala ya kesi ya mtu mmoja. Rai yangu ni mlifute. Mkiamua vinginevyo, aende mtu mmoja tu kumweleza kaka wa marehemu, na asiwe mweka hazina.